Tupeane uzoefu: kusoma maswali ya watu ili kujua bidhaa wanazozikosa

Bi Shani: Wapendwa, leo tena katika kundi la mtaa wetu mtu ameuliza ni wapi linauzwa jagi la blenda peke yake, akajibiwa anunue blenda nzima. Swali hili hurudi kila mara. Aliyewahi kufanya biashara kwa kufuata maswali ya namna hii atueleze alivyofanya.

Fundi Mkongwe: Dada, shemeji yangu alitumbukia hapo hapo. Aliona maswali mengi, akaagiza katoni ya majagi kwa muuzaji aliyemhakikishia kwamba yanaingia kwenye blenda zote, na yalipofika mengi hayakukaa, kwa kuwa kila aina ina kitako na meno yake. Mtaji ukalala dukani na ada ya watoto ikakwama. Nyumba ile ilikuwa na huzuni siku nyingi. Baadaye tulikaa naye tukatafuta ndani ya makundi maneno “jagi”, “naulizia” na “wapi nitapata”, tukaandika kila swali pamoja na aina ya blenda, na kama muulizaji alirudi kusema amepata. Jibu la “jaribu Kariakoo” hatukulihesabu kuwa jibu. Tulipowaomba waulizaji picha ya kitako, ikabainika kwamba wengi majagi yao ni mazima: yanavuja kwa sababu mpira wa chini umechakaa, au gia inayokamata kisu imelika. Sasa anauza mipira na gia, na jagi huliagiza mtu akishalipa nusu.

Juma wa Tanga: Kweli kabisa, hata huku ni mipira.

Mchambuzi: Mnajisumbua. Fungueni Google Trends. Nimeona neno “blender” limefika 100, maana yake ni watu mia wanalitafuta.

Bi Shani: Hapana, kaka. Hiyo 100 ni kilele cha neno hilo kwa mahali na kipindi ulichochagua, wala si idadi ya watu. Neno linalotafutwa na wachache huonekana kama halitafutwi kabisa.

Mchambuzi: Hata hivyo huonyesha msimu, na makundi yenu hayaonyeshi. Isitoshe, mtu mmoja huuliza katika makundi matano nanyi mkamhesabu mara tano.

Fundi Mkongwe: La mtu mmoja nakubali, ndiyo maana tuliandika namba za simu. La msimu sijaliona kwenye vipuri.

Mama Neema: Samahanini, mimi jagi langu la lita moja na nusu limepasuka. Mnalo?

Fundi Mkongwe: Mama, tuma picha ya kitako kwanza.

Salum: Mimi huandika “jagi la blenda” kwenye Google kupitia dirisha la faragha, ili historia yangu isiingilie, kisha naongeza herufi moja moja nisome mapendekezo. Jaribuni pia “blender jug”, maana wengi hutafuta hivyo hata kama kwenye kundi huuliza kwa Kiswahili.

Juma wa Tanga: Mtu anayeuliza si lazima anunue. Mwambie bei palepale uone kama ataendelea kujibu.

Bi Shani: Bei ukiitaja kundini, Juma, washindani nao wanaisoma. Mimi ningemwandikia pembeni.