Naomba ushauri: ofa ya kazi yenye opsheni za hisa, nizihesabu vipi?

Habarini wakuu, kuna stataapu hapa Nairobi imenipa ofa, mshahara uko chini ya ninaopata sasa kwa elfu 60 kwa mwezi ila wanafidia na opsheni 20,000 za kununua hisa kwa senti 50 ya dola kila moja. Zinaiva kwa miaka 4, mwaka wa kwanza ukitoka kabla haujaisha hupati kitu, ukiumaliza unapata 5,000 kwa mpigo, halafu zingine kidogo kidogo kila mwezi.

HR anasema wawekezaji wa mwisho walinunua kwa dola 2, kwa hiyo mimi nina faida ya dola 30,000. Hapo ndo sielewi, maana hisa zao zinalipwa kwanza kampuni ikiuzwa na zangu ni za kawaida tu. Nimeuliza jumla ya hisa zote pamoja na opsheni, wakasema milioni 10, yaani nina 0.2%. Pia nikiacha kazi nina siku 90 tu za kuzinunua, na zikiwa zimeiva zote ni dola 10,000 mfukoni mwangu, bado kodi!

Swali: hiyo 30,000 niikate kiasi gani nikilinganisha na mshahara? Na kuna aliyewahi kuomba hizo siku 90 ziongezwe wakakubali?