Alama 6 kati ya 20 kwa kuipima kanuni ya uthibitishaji kwa kipimo chake yenyewe

Mwanafunzi wa Jioni

Ndugu wanajukwaa, ninaandika nikiwa na hasira. Ninasoma falsafa jioni katika chuo kimoja hapa katikati ya jiji, na juzi nilirudishiwa insha yenye alama 6 kati ya 20 na sentensi moja ya kalamu nyekundu pembeni: "Kanuni si dai, kwa hiyo haipimwi." Niliisoma sentensi hiyo ndani ya matatu hadi Donholm, na sikuona sababu yoyote iliyotolewa.

Hoja yangu ilikuwa hii. Wanafalsafa wa Vienna waliomzunguka Moritz Schlick, na baadaye A. J. Ayer kule Uingereza, walishikilia kanuni ya uthibitishaji, yaani kwamba sentensi haina maana yoyote isipokuwa ukweli wake utokane na maneno yake tu, au uweze kuthibitishwa kwa kuona, kusikia au kupima. "Kila mjane amefiwa" hupitia mlango wa kwanza, na "jana usiku mvua ilinyesha Ngong" hupitia wa pili. "Vitu vyote kiini chake ni kimoja" hufukuzwa kwenye milango yote miwili.

Basi nikaisimamisha kanuni yenyewe mlangoni. Anayeikana hajipingi, tofauti na anayesema kwamba mjane fulani hajawahi kufiwa. Kwa hiyo mlango wa kwanza umefungwa. Kwa mlango wa pili, sijui ni macho gani yatakayoiona. Tukienda kuchunguza jinsi watu wanavyolitumia neno "maana", kanuni itaonekana kuwa ya uongo, kwani mama yangu na majirani zake hubishana usiku kucha kama roho ya marehemu husikia anapotajwa, na wote huelewana barabara ingawa hakuna hata mmoja mwenye kipimo. Je, haya yote ni alama 6?

Mzee wa Kayole

Pole sana, mwanangu. Suala la uthibitishaji limenitesa hata mimi, kwa sababu cheti changu cha kidato cha nne kimekaa miezi 3 katika ofisi moja kikisubiri kuthibitishwa. Peleka nakala mbili, na udai stakabadhi.

Mwanafunzi wa Jioni

Asante, mzee wangu, lakini uthibitishaji huu si wa vyeti.

Msomaji wa Umoja

Mbona tunahangaika? Karl Popper alikwisha kulimaliza jambo hili alipotufundisha kuuliza kama sentensi inaweza kukanushwa. Weka ukanushaji mahali pa uthibitishaji, na tatizo limekwisha.

Bi Mantiki

Ndugu Msomaji, umeshika nusu. Popper alichora mpaka kati ya sayansi na yasiyo sayansi, wala hakusema kwamba yaliyo nje ya mpaka hayana maana. Kipimo chake hakiwezi kuchukua kazi ambayo hakukiumbia.

Mwanafunzi, mhadhiri wako ana hoja, ila ameimeza. Rudolf Carnap aliichukulia kanuni kuwa pendekezo kuhusu lugha tutakayoitumia, na Ayer, katika toleo la 1946 la kitabu chake, aliiita fasili. Pendekezo haliwi kweli wala uongo, kama vile "tukutane saa kumi" isivyo uongo. Insha yako imeandikwa kana kwamba hawakuwahi kujibu. Hata hivyo, jibu hilo lina gharama: anayependekeza hapati tena haki ya kumwambia mwenzake kwamba anasema upuuzi, bali anaweza tu kusema kwamba yeye halitumii neno "maana" hivyo.

Binafsi naona jeraha kubwa liko kwingine. Mwaka 1936 Ayer alisema kwamba inatosha sentensi, ikiungana na nyingine, itoe jambo la kuonekana ambalo hizo nyingine peke yake zisingelitoa. Chukua "ukamilifu umelala", kisha ongeza "ikiwa ukamilifu umelala, matatu hii ni ya kijani". Zote mbili pamoja zinatoa "matatu hii ni ya kijani", na ile ya pili peke yake haitoi. Basi "ukamilifu umelala" imepita, na kwa hila hiyo hiyo hupita sentensi yoyote utakayoiokota njiani. Ayer aliirekebisha mwaka 1946, na mwaka 1949 Alonzo Church akaonyesha kwamba hata kiraka hicho kinavuja.

Msomaji wa Umoja

Kiraka kikivuja, hushonwa kingine. Hilo ni kosa la maneno yaliyochaguliwa, si la wazo.

Mwanafunzi wa Jioni

Bi Mantiki, nakubali kwamba sikulitaja jibu la 1946, na kwa hilo ningekatwa alama bila kunung'unika. Lakini kalamu nyekundu haikuandika kwamba nimesahau jibu, iliandika "haipimwi". Jumatatu ninaomba insha isahihishwe upya. Nisaidie jambo moja: pendekezo likikubaliwa kwa sababu linafaa, je, kufaa huko si jambo la kuchunguzwa kwa macho?

Bi Mantiki

Linachunguzika, mdogo wangu, pindi mtakapokubaliana kwamba linafaa kwa kazi gani. Wanafizikia watakupa jibu moja, na majirani wa mama yako jingine.

Mzee wa Kayole

Kwa hiyo nakala mbili hazihitajiki?