Naomba ushauri: namna ya kumrudishia mzabuni mchele wake bila kumvunjia heshima

Ndugu wanajamvi, mimi ni afisa ununuzi katika taasisi moja hapa Mbeya, na wiki ijayo kamati yetu inaanza kutathmini zabuni za vifaa vya ofisi. Jana jioni kijana wa bodaboda alishusha nyumbani kwangu gunia la mchele wa Kyela, mke wangu akalipokea akidhani nimeagiza, kumbe limetoka kwa mmoja wa wazabuni, mzee ninayemheshimu na ambaye huniita mwanangu.

Gunia halijafunguliwa, nimelipiga picha, na kesho linarudi dukani kwake kwa gharama yangu. Ujumbe nilioandika ni huu:

"Shikamoo mzee. Mchele umefika na ninakushukuru kwa kunikumbuka. Kwa nafasi yangu kazini sipokei zawadi kutoka kwa mzabuni yeyote, hivyo ninaurudisha kesho asubuhi. Maswali yoyote kuhusu zabuni tafadhali yaandikie ofisi."

Mwanzoni niliandika "kwa sasa sipokei", nikayafuta maneno hayo kwa sababu yangesomeka kama ahadi kwamba baada ya mkataba mlango utakuwa wazi. Neno rushwa sikuliweka, kwa kuwa sijui nia yake.

Ninachoomba kujua ni hiki: je, nimwarifu mkuu wangu kwa maandishi kabla ya kutuma ujumbe, au niambatanishe nakala baada ya mzee kusaini kwamba amepokea gunia lake? Na je, nijitoe kwenye tathmini hiyo?