Merengi juu ya pai ya limau inatoa maji, naomba ushauri

Binti wa Uyole: Wakuu habari za jioni. Natengeneza pai za limau kwa oda hapa Mbeya. Ikitoka kwenye oveni inapendeza, ila baada ya saa moja juu yake kunaota vitone vya rangi ya asali, na nikikata, merengi inateleza kwa sababu chini kuna maji. Naweka ute wa mayai 4 na sukari gramu 200. Tatizo nini?

Mama Tukuyu: Mwanangu, hiyo ni mvua. Huku kwetu masika yakianza merengi haishiki kabisa. Subiri kiangazi.

Kaka Mafinga: Hata mimi krimu ya keki huyeyuka nikiipeleka harusini. Ongeza siagi.

Fundi Oveni: Kaka, siagi usiitaje hapa, mafuta kidogo tu kwenye bakuli na ute haupandi. Mama yuko sahihi kwamba sukari hunyonya unyevu wa hewa, lakini vitone ndani ya saa moja si mvua.

Dada, hayo ni maji ya aina mbili. Ya chini ni ute ambao haukuiva, mara nyingi kwa sababu rojo la limau lilikuwa limeshapoa ulipoupaka. Vitone vya juu ni moto uliozidi: ute unajikaza na kukamua maji yenye sukari. Chembe zisizoyeyuka nazo huchangia, na sukari yetu ya dukani ni nene.

Kiasi chako ni kizuri, badilisha njia tu. Saga sukari kwenye blenda, changanya na ute kabla ya kupiga, weka bakuli juu ya sufuria ya maji yanayochemka taratibu, yasiguse bakuli. Koroga bila kuacha mpaka ifike nyuzi 70 hivi. Chovya vidole viwili usugue: ukisikia mchanga, endelea. Ikiwa laini kabisa, epua, piga na mikseri mpaka bakuli lipoe. Paka juu ya rojo la moto, ishike ukingo wa pai pande zote, kisha moto wa juu dakika chache, ipate rangi tu.

Binti wa Uyole: Asante kaka. Sina kipimajoto. Na je, nikitumia sukari ya unga ya kupambia keki?

Fundi Oveni: Vidole vinatosha kujua sukari imeyeyuka, ila joto havikuambii, na kwa mayai mabichi ya wateja ningenunua kipimajoto. Sukari ya unga mara nyingi ina wanga ndani, mchanganyiko unakuwa mzito kidogo. Mimi nasaga ya kawaida.

Mama Tukuyu: Kwenye friji je? Yangu ilitoa jasho humo humo.

Fundi Oveni: Friji ina unyevu, mama, na ukifunika ndiyo zaidi. Rojo la mayai nalo halifai kukaa nje muda mrefu. Mimi huipaka merengi siku ile ile ya kuuza.

Binti wa Uyole: Oda yangu ya Jumamosi inakwenda Makambako kwa basi. Kuna aliyewahi kuisafirisha ikafika nzima?