Posti ya pamoja ikifutwa na mmoja, wengine wana haki gani?

Mpiga picha, Nyegezi (aliyeuliza): Mwezi wa tatu nilipiga picha za sendofu Capri Point. Nikapandisha kumi Instagram kwenye ukurasa wangu kama kolabo, nikamwalika mpambaji na mshonaji, wakakubali. Mpambaji hajanimalizia 150,000 tuliyopatana. Nataka kuifuta posti yote. Nina haki?

Fundi simu, Kirumba: Uwezo unao, maana wewe ndiye uliyepandisha. Ila ujue kinachotokea. Kolabo si nakala tatu, ni posti moja inayoonekana kurasa tatu, na laiki na komenti ni zilezile kote. Ukifuta wewe, inapotea kote siku hiyohiyo, pamoja na komenti za wateja waliouliza bei ya mapambo na ya mshono. Mpambaji angejitoa yeye, ingeondoka kwake tu, kwako ingebaki na komenti zote. Kwa hiyo kama ugomvi ni wa watu wawili, kwa nini umuumize mshonaji? Ihariri posti umwondoe mpambaji peke yake. Kwake itatoweka, kwa mshonaji itabaki.

Muuza dagaa, Mwaloni: Mimi naona kuifuta yote ni kosa. Huku kwetu mwenye nyavu akigombana na mwenye mtumbwi anachukua nyavu zake anaondoka. Hazamishi mtumbwi watu wakiwa ndani.

Mpiga picha: Dada, picha ndiyo mtumbwi wenyewe. Bila picha zangu wangepandisha nini?

Mwanafunzi wa sheria: Asikutishe mtu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakupa haki ya kufuta kilicho chako popote kilipo.

Fundi simu: Hapo umefika nusu ya njia, mdogo wangu. Ile sheria inahusu taarifa za mtu. Kwenye picha zile mwenye sura ni bibi harusi, na yeye ndiye angeweza kuitumia kuomba zitolewe. Madai ya mpiga picha juu ya kazi yake yanapita kwenye Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, tena yanategemea walivyopatana na aliyemlipa. Na deni la 150,000 ni deni, halifutiki kwa kufuta picha.

Mama wa Ukerewe: Samahani, labda sijaelewa swali, lakini yangu ni kinyume kabisa. Mwaka jana tulizika Nansio, tukafungua albamu ya Google Photos ya ukoo. Binamu yangu aliweka picha kama themanini, zikiwemo za mwisho za marehemu akiwa hai. Akakosana na wanaukoo kuhusu shamba, akajitoa kwenye albamu. Hakufuta hata moja, lakini zake zote zilitoweka. Nililia kama msiba umeanza upya.

Fundi simu: Pole sana mama. Umeelewa vizuri kuliko unavyodhani. Google Photos ukijitoa kwenye albamu ya pamoja, picha ulizoweka na komenti zako zinaondoka nawe. Zilizobaki ni zile ambazo mwanaukoo mwingine alikuwa ameshazihifadhi kwenye maktaba yake mwenyewe. Waulize mmoja mmoja, hasa vijana. Na binamu anaweza kuwa nazo bado kwenye simu yake, kwa sababu kutoka kwenye albamu hakufuti za kwake. Tuma mzee mwingine amwendee.

Kijana wa kamati, Igogo: Spotify ndiyo mbaya zaidi. Orodha ya nyimbo ya kichenipati, kila aliyealikwa kuhariri anaweza kutoa wimbo wa mwenzake. Tulikuta nyimbo za Kisukuma zote zimeondolewa, na hakuna palipoandikwa nani kazitoa. Orodha nzima ikifutwa, mwenye orodha anaweza kuirudisha ndani ya siku 90, lakini wimbo mmojammoja hapana. Tukazitafuta upya usiku kucha.

Mshonaji, Pasiansi: Mimi ndiye mshonaji wa posti hiyo. Kaka, sikudai wala hunidai. Wateja wangu wawili walitoka kwenye zile komenti, na mwingine bado tunaongea naye palepale. Ukiifuta, namtafuta wapi?

Mpiga picha: Sikujua kuna wateja mle. Nimeiweka kwanza kwenye Archive.

Fundi simu: Afadhali, ukiirudisha inarudi na komenti zake. Ungefuta, ingekaa kwenye Recently deleted siku 30 kisha basi. Lakini Archive nayo imeificha kwa mshonaji. Mteja wake akiingia leo hakuti kitu.

Muuza dagaa: Ndiyo maana nasema mtumbwi.

Mpiga picha: Nampa mpambaji mpaka Ijumaa. Mshonaji, nitakutumia komenti zote kwa picha za skrini usiku huu.

Mshonaji: Picha za skrini haziwezi kujibiwa, kaka. Irudishe, umtoe yeye.