Tupeane uzoefu: barua pepe imejaa makosa na dakika zimebaki chache, unaanza kurekebisha lipi?

Kalamu_Kavu (mwanzisha uzi)
Wadau, wiki iliyopita nilikuwa na dakika 7 kabla mteja hajaingia kikaoni. Barua nimeiandika mbiombio, nikaisoma na kukuta makosa kila mstari. Nikaanza juu kwenda chini: nikarekebisha salamu, nikatenganisha maneno yaliyogandana, nikahangaika na koma. Muda ukaniishia katikati, nikatuma. Kesho yake mteja anapiga simu kushukuru kwamba tunaanza kazi mapema. Mimi nilikusudia kumwambia hatutaweza! Nusu ya barua ilikuwa hivi kabla sijaigusa:

> Habri za kazi. Naambatanisha makadirio yalio sahihishwa. Tunathibitisha kuwa tutaweza kuanza kabla ya Jumatatu tarehe 17 kama tulivyo eleza. Vifaa kimeshaagizwa na mafundi watafika saa 9:00 asubuhi siku hiyo. Pia ningependa kueleza kuwa ucheleweshwaji uliotokea mwezi uliopita ulitokana na sababu ambazo zilikuwa nje ya uwezo zetu ambazo tulieleza. Tafadhari tujulishe.

Nyie mngeanzia wapi? Na yaliyowakuta ni yapi?

Nukta77
Rahisi, mkuu. Washa kikagua tahajia, fuata mistari myekundu. Dakika moja umemaliza yote.

MamaFaili
Nukta, mwanangu, hiyo mistari ndiyo iliyomponza. Nimekuwa katibu muhtasi miaka mingi, nimesoma barua za mabosi wanaoandika huku wanatembea. Kikagua tahajia kitakuonyesha "Habri" na "Tafadhari", makosa mawili ambayo hakuna msomaji angeshindwa kuyaelewa. "Tutaweza" hakitaigusa, maana ni neno sahihi kabisa. Limepungukiwa "ha" tu, na hiyo "ha" ndiyo iliyobeba barua nzima. Tena kama lugha ya programu haijawekwa Kiswahili, barua yote itapigiwa mstari mwekundu, utajua lipi ni lipi?

Mimi sijiulizi kosa lipi ni baya. Najiuliza: msomaji akiamini sentensi hii kama ilivyo, atafanya nini? Akifanya jambo lisilo sahihi, hilo ndilo la kwanza. Akicheka tu, lisubiri.

Sasa tuchukue barua yako, Kalamu. Ningeanza na neno "naambatanisha", halafu niangalie kama kiambatisho kipo kweli, na kama ni yale makadirio yaliyosahihishwa au ya zamani. Nakifungua, sitazami jina la faili tu. Pili, "tutaweza". Kila kitenzi cha kukubali au kukataa nakisoma kwa sauti: tutaweza, hatutaweza, tumelipa, hatujalipa. Jicho linaruka silabi, mdomo hauruki. Tatu, siku na tarehe. Tarehe 17 ilikuwa Jumatatu kweli?

Kalamu_Kavu
Jumanne, mama. Jumatatu ilikuwa 16.

MamaFaili
Umeona. Siku na tarehe zikipingana msomaji huchagua mojawapo, na hatakuuliza. Kisha hiyo "saa 9:00 asubuhi". Anayesoma tarakimu kama saa ya simu ataelewa saa tatu asubuhi. Anayehesabu saa za Kiswahili ataona saa tisa, ashangae saa tisa gani ya asubuhi, aamue mwenyewe kwamba ulimaanisha alasiri. Andika kwa maneno, "saa tatu asubuhi", umemaliza.

Hayo manne hayazidi dakika tatu. "Vifaa kimeshaagizwa" inakera, mimi mwenyewe inanikera sana, lakini hakuna atakayedhani vifaa havijaagizwa. "Yalio sahihishwa" na "tulivyo eleza" ziache mwisho kabisa.

Sijachoka
Na ile sentensi ndefu ya ucheleweshwaji? Mimi ningeifuta. Si kuirekebisha, kuifuta. Ina "uwezo zetu", ina "ambazo" mbili, na mteja hakuiuliza. Nimejifunza hili kwa machungu: ukianza kuipanga upya sentensi mbovu huku saa inakimbia unazaa mpya. Niliwahi kubadilisha mwanzo wa sentensi kutoka "mimi" kuwa "sisi" nikasahau kitenzi, ikatoka "sisi nitawasilisha". Kufuta ni sekunde mbili, na hakuna tahajia ya kukosea kwenye nafasi tupu.

MamaFaili
Hapo umenipita, nakubali. Ila angalia sentensi inayofuata isije ikawa na "hiyo" au "hayo" yanayoelekea kwenye ulichofuta.

Bwana_Haraka
Mimi naandika haraka sana, na tatizo langu ni kutuma kwa watu wote. Nilijibu mwenzangu nikilalamika kuhusu bosi, kumbe nimebonyeza Reply all. Barua haikuwa na kosa hata moja la tahajia, yaani ilikuwa safi kupindukia 😅

Sijachoka
Bwana Haraka, swali lilikuwa makosa ya maandishi, lakini kisa chako kinafaa. Mimi siku hizi sehemu ya To naiacha tupu mpaka niridhike na barua. Na kwenye Gmail weka Undo Send iwe sekunde 30, ukiiacha bila kuibadilisha huwa ni 5. Sekunde 30 hazitoshi kusoma barua, zinatosha kutazama majina ya wapokeaji.

Nukta77
Sawa, nimewaelewa, ila msinizike mapema. Barua ya kuomba kazi je? Niliwahi kutuma ombi, tarehe zote sahihi, viambatisho vyote vimo, ila nafasi yenyewe ilikuwa ya mhariri na mstari wa kwanza nimeandika "mwariri". Sikuitwa. Hapo tahajia haikuwa ya mwisho.

MamaFaili
Kweli, mwanangu. Pale msomaji anakupima wewe, hafuati maelekezo yako. Akiamini "mwariri" atafanya nini? Atakuweka pembeni. Kwa hiyo kwenye barua ya namna hiyo jina lake, cheo na mstari wa kwanza napandisha juu. Lakini hata hapo kiambatisho kinatangulia. Ombi lisilo na wasifu halisomwi hata mstari wa pili.

Kalamu_Kavu
Nashukuru nyote. Swali la mwisho: kosa zito likishatoka, mnatuma barua ya pili?

Sijachoka
Natuma papo hapo. Kichwa: "SAHIHISHO: hatutaweza kuanza kabla ya Jumanne tarehe 17". Jambo lenyewe liwe kwenye kichwa, maana wengine hawafungui barua ya pili. Tahajia siifuatilii, nitaonekana nimechanganyikiwa.

MamaFaili
Mimi napiga simu kwanza. Barua mbili zinazopingana kwenye kikasha kimoja, mtu anaweza kufungua ya zamani wiki mbili baadaye akaifanyia kazi.

Sijachoka
Simu haiachi kumbukumbu, mama. Akikana je?

Kalamu_Kavu
Mimi nilipiga simu, akasema amenielewa. Jana ameniandikia akijibu ile barua ya kwanza, anauliza mafundi wanafika alasiri au vipi.