Nimefuta programu ya masomo ya mtoto, bado nakatwa kila mwezi

MamaTwaha: Habari za jioni ndugu zangu. Niko Mikindani, Mtwara. Mwezi wa tatu huu nakatwa 12,000 kwenye kadi ya benki kwa programu ya hesabu niliyomlipia mwanangu wa darasa la nne. Mtoto ameshaiacha. Nimeifuta kwenye simu, wamekata tena. Nimeingia kwenye tovuti yao, kitufe cha kusitisha hakipo, wameandika tu kwamba malipo yanapitia Google Play. Nimewaandikia, wanasema hawawezi kusitisha wao. Tarehe 19 watakata tena, na hiyo ndiyo nauli yangu ya kazini.

KoroshoTu: Dada, ingia kwenye menyu ya mtandao wako wa simu ujitoe. Mimi nilikuwa nakatwa kwa miito ya nyimbo, nikajitoa, ikaisha.

BabuLigula: Acha kadi bila hela, watakosa cha kukata.

FundiShangani: Korosho, hiyo yako ni salio la simu, ya dada ni kadi. Babu, watakosa kweli, lakini hujasitisha. Play Store itajaribu tena siku zinazofuata, na mshahara ukiingia katikati utakatwa.

Dada, ulilipia ndani ya Play Store, kwa hiyo mlango wa kutokea uko hukohuko. Fungua Play Store, gusa picha yako juu kulia, ingia `Payments & subscriptions`, kisha `Subscriptions`. Ichague hiyo programu, gusa `Cancel subscription`.

MamaTwaha: Nimefika kaka. Hakuna kitu, patupu.

FundiShangani: Basi ulilipia kwa akaunti nyingine. Simu yako ina imeili ngapi?

MamaTwaha: Mbili. Yangu, na ile aliyonifungulia fundi siku nanunua simu. Nywila yake siijui.

FundiShangani: Usiiondoe hiyo kwenye simu, wala usiirudishe simu kama ilivyotoka dukani, utajifungia nje. Fungua Gmail ya akaunti hiyo, tafuta `GPA`. Namba za risiti za Play huanza hivyo. Ukiikuta, rudi Play Store, gusa picha, badili akaunti.

MamaTwaha: Risiti zote tatu ziko huko! Nimebadili, programu nimeiona, nimesitisha. Sasa inasema huduma itaisha tarehe 19.

FundiShangani: Hapo sawa. Siku ulizolipia zitaendelea, mtoto anaweza kuzimalizia. Subiri pia imeili ya uthibitisho, itakwenda kwenye akaunti hiyohiyo ya fundi.

MamaTwaha: Na 24,000 za miezi miwili ambayo hakuigusa?

FundiShangani: Ndani ya saa 48 tangu kukatwa ungeomba Google moja kwa moja. Sasa waandikie wenye programu, uwape namba za `GPA`. Wao ndio wataamua.

MamaTwaha: Nawaandikia usiku huu. Asante sana kaka.

BabuLigula: Mimi simu yangu iliibiwa na akaunti ikiwa humo, nywila sikumbuki. Naanzia wapi?